Kugandisha Sodiamu Aseteti kwa Punje Moja: Namna ya Kufanya, na Joto Lake Linakotoka

Pale Uvinza chumvi hupatikana kwa kuyafukuza maji. Maji ya chemchemi huchemshwa au huanikwa, maji yanapaa, chumvi inabaki. Kuyapoza tu hakusaidii, kwa sababu chumvi ya mezani haijali sana joto: maji baridi gramu 100 huyeyusha chumvi gramu 36 hivi, na maji yanayochemka huyeyusha gramu 39. Tofauti ni gramu tatu tu.

Sodiamu aseteti ina tabia nyingine kabisa. Maji yaleyale gramu 100, yakiwa na nyuzi 20, huyeyusha gramu 46 hivi. Yakifika nyuzi 60 huyeyusha karibu gramu 139. Kwa hiyo ukijaza maji ya moto chumvi hii kadiri yanavyoweza kubeba, kisha ukayapoza, zaidi ya nusu ya chumvi inapaswa kutoka na kuwa fuwele. Cha ajabu ni kwamba mara nyingi haitoki. Mmumunyo unapoa ukiwa mwangavu kama maji, unakaa siku nzima, hata wiki, mpaka uguswe na punje moja ndogo. Hapo unaganda wote mbele ya macho yako, na chupa inapata moto mkononi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutengeneza mmumunyo huo kwa vitu vya dukani, kama tunavyofanya na wanafunzi wa sekondari hapa Kigoma, na unaeleza kila hatua inafanya kazi gani. Nimeuandika kwa mtu aliye na jiko, mizani ya jikoni na subira. Maabara si lazima.

Vitu vya kutafuta

Siki nyeupe lita mbili. Soma lebo: inayofaa ni ile iliyoandikwa asilimia 5 ya asidi ya asetiki. Siki ya kahawia ya matunda iache, ina rangi na sukari ambazo zitabaki kwenye chupa yako na kukuharibia kazi.

Bikaboneti ya soda, robo kilo. Hapa ndipo watu wengi hukosea dukani. Ukiomba kwa haraka utapewa bekingi poda, ambayo imechanganywa na wanga na chumvi nyingine za tindikali. Ukiichemsha unapata uji. Pakiti iwe imeandikwa bikaboneti peke yake. Magadi ya mawe yanayowekwa kwenye maharage nayo yatatoa povu, lakini yana udongo na chumvi ndani yake na hujui kiasi gani, kwa hiyo hesabu ya hatua ya pili haitakubali.

Sufuria kubwa ya stili au ya enameli, ya lita tano au zaidi. Sufuria za alumini ndizo nyingi majumbani, lakini hapa hazifai: siki na soda zote mbili huila alumini polepole, na kinachotoka hufanya mmumunyo uwe na ukungu. Shaba usiiguse kabisa, inatoa sumu ya rangi ya kijani.

Mizani inayosoma gramu. Chupa mbili za kioo za jemu zenye vifuniko. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa vizuri na kusuuzwa. Kipimajoto kama unacho.

Hatua ya kwanza: kuchanganya siki na soda

Kabla ya yote, pima sufuria ikiwa tupu na kavu, uandike uzito wake. Usiruke jambo hili. Utalihitaji baadaye na hutaweza kulirudia.

Bakiza siki vijiko vichache kando, iliyobaki yote imimine kwenye sufuria. Pima bikaboneti gramu 150 kwenye bakuli, halafu uitie kwenye siki kijiko kimoja kimoja. Povu litapanda, ukitia nyingi kwa pamoja litafurika hadi mezani. Kinachotokea ni hiki:

```
CH3COOH + NaHCO3 → CH3COONa + H2O + CO2
```

Asidi ya siki na soda vinaungana, hewa ukaa inatoka kama povu, na sodiamu aseteti inabaki imeyeyuka kwenye maji. Siki ya asilimia 5, lita mbili, ina asidi gramu 100 hivi, na hiyo inamalizwa na bikaboneti gramu 140. Siki yako ikiwa dhaifu kuliko lebo inavyodai, povu litakoma mapema. Kwa hiyo usimimine gramu 140 kwa kufuata kitabu. Endelea mpaka kijiko cha mwisho kisitoe povu, kisha pima kilichobaki kwenye bakuli ujue umetumia ngapi. Namba hiyo nayo iandike.

Sasa rudisha siki kidogo, vijiko viwili au vitatu vya chakula. Tunataka siki izidi kidogo, soda isizidi hata chembe. Siki iliyozidi itapaa na mvuke wakati wa kuchemsha. Soda iliyozidi haina pa kwenda: ikipata moto inageuka kuwa kaboneti, na maji yakipungua inabaki kama chembe nyeupe ndani ya mmumunyo. Mwenye rozela nyumbani anaweza kupima kwa tone. Weka matone ya maji ya rozela kwenye kisahani cheupe, dondoshea mmumunyo wako juu yake. Rangi ikienda kwenye kijani, soda imezidi, ongeza siki.

Hatua ya pili: kuchemsha kwa kufuata mizani

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Ulichonacho sasa ni maji mengi sana yenye chumvi kidogo. Kazi ni kuyapunguza mpaka yabaki maji kiasi kile tu ambacho fuwele itayahitaji.

Nasema kiasi ambacho fuwele itayahitaji kwa sababu fuwele ya sodiamu aseteti hujengwa pamoja na maji. Ndani yake kila kipande cha chumvi kimeshikamana na molekuli tatu za maji, ndiyo maana fomula yake huandikwa `CH3COONa·3H2O`. Ukipima fuwele hiyo kavu kabisa, gramu 40 katika kila 100 ni maji. Ukiyachemsha maji yote yakaisha unapata unga mweupe wa aina nyingine, usio na maji, ambao moto peke yake hauuyeyushi hata kwenye nyuzi 100.

Hesabu ni rahisi. Kila gramu moja ya bikaboneti uliyotumia itazaa fuwele gramu 1.62. Tukiongeza maji kidogo ya akiba, tunazidisha kwa 1.7. Tuseme umetumia gramu 140:

140 × 1.7 = gramu 238

Huo ndio uzito wa mmumunyo unaotakiwa mwishoni. Sufuria tupu ikiwa gramu 612, unachemsha mpaka sufuria na kilichomo vifike gramu 850. Lita mbili zinashuka hadi kikombe kimoja hivi. Ukishaona hivyo unaelewa kwa nini mkaa unakwenda.

Chemsha nje au dirisha likiwa wazi, maana mvuke wa siki unawasha macho. Moto uwe mkali mwanzoni. Kadiri kimiminika kinavyopungua, punguza mkaa. Maji ya kawaida hapa Kigoma huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa kuwa tuko juu ya usawa wa bahari, lakini mmumunyo huu unapokuwa mzito huchemka zaidi ya nyuzi 110. Tone lake likikurukia linachoma kuliko chai, kwa sababu ni la moto zaidi na linanata. Watoto wasogee mbali.

Ukianza kuona utando mweupe juu, au ukoko kwenye kingo za sufuria, umekaribia. Ondoa sufuria jikoni, weka kipande cha ubao juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha pima. Bado? Rudisha motoni. Ukipita, yaani umefika 830 badala ya 850, hakuna hasara: ongeza maji ya moto gramu 20 na ukoroge. Ukoko wa kingoni usukumie ndani uyeyuke. Sehemu yake kidogo, kama robo kijiko cha chai, ikwangue na uiweke kwenye kisahani kwa ajili ya hatua ya mbegu.

Hatua ya tatu: kuondoa kila fuwele iliyobaki

Kwa wakati huu mmumunyo uko moto na una rangi ya maji ya majani ya chai yaliyochujwa mara ya pili, au hauna rangi kabisa. Rangi hafifu haidhuru. Kinachodhuru ni chembe.

Pasha chupa ya jemu kwa maji ya moto ili isipasuke, imwage, kisha chuja mmumunyo kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne na kuloweshwa maji ya moto. Fanya haraka, usipoe njiani.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifanyi, na ndilo linalowafanya waseme jaribio limegoma. Angalia shingo ya chupa na sehemu ya ndani juu ya kimiminika. Kuna matone yaliyoruka wakati wa kumimina. Yakikauka yanakuwa fuwele ndogo zisizoonekana vizuri, na baadaye moja ikidondoka ndani, chupa nzima inaganda hujaigusa. Kwa hiyo ingiza chupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maji yafike juu ya usawa wa mmumunyo, weka kifuniko bila kukikaza, uiache dakika 15 hadi 20. Mvuke unapanda ndani ya chupa, unagusa kioo na kifuniko, unageuka maji na kutiririka chini. Unaosha kuta kwa niaba yako. Mwishoni tikisa chupa taratibu kwa kuizungusha ili mmumunyo wa moto upite kila mahali, kaza kifuniko, itoe.

Hatua ya nne: kupoza, na maana ya kushiba kupita kiasi

Weka chupa mahali pasipotikisika, ipoe yenyewe. Saa mbili zinatosha kufika joto la chumba. Ukiwa na haraka, baada ya kupoa kiasi cha kushikika iingize kwenye beseni la maji vuguvugu, halafu ya kawaida. Kioo cha moto kwenye maji baridi kitakupasukia.

Chumba kikiwa na nyuzi 26, ambayo ni hali ya kawaida mchana huku kando ya ziwa, hebu tuangalie kilichomo kwenye chupa ya mfano wetu. Ina sodiamu aseteti gramu 137 katika maji gramu 101. Kwenye nyuzi 26 maji hayo yana haki ya kubeba gramu 50 na kitu tu. Yamebeba zaidi ya mara mbili na nusu. Huo ndio mmumunyo ulioshiba kupita kiasi, na kwa macho huwezi kuutofautisha na maji matupu yaliyo mazito kidogo.

Namna ya kuutambua ni kuutumbukizia punje ya fuwele ya chumvi hiyohiyo. Punje ikiyeyuka na kupotea, mmumunyo haujashiba. Ikikaa chini kama ilivyo, umeshiba barabara. Ikianza kukua papo hapo, umeshiba kupita kiasi. Hakuna kipimo bora kuliko hicho, na hakihitaji kifaa.

Kwa nini inangoja

Kama fuwele ndiyo hali inayofaa zaidi kwa joto hilo, kwa nini chumvi isijipange yenyewe?

Kwa sababu fuwele lazima ianze ikiwa ndogo, na udogo una gharama. Ndani ya mmumunyo ayoni, yaani chembe zenye chaji zinazounda chumvi, na molekuli za maji zinakutana na kuachana bila kukoma. Mara kwa mara chache zinakutana kwa mpangilio ule wa fuwele. Zile zilizo katikati ya kikundi zimeshikwa kila upande na zimetulia. Zile za nje zimeshikwa upande mmoja tu, na ni rahisi kuchomoka. Kikundi kikiwa kidogo karibu wote wako nje, kwa hiyo kinasambaratika kabla hakijakua. Ni kama makaa kwenye jiko: kaa moja likitengwa linapoteza joto kila upande na kuzimika, lakini makaa yakishakusanyika ya kutosha yanatunzana moto na jiko zima linashika. Kuna ukubwa fulani ambao kikundi kikiuvuka, kila ayoni inayojiunga inakifanya kiwe imara zaidi, na kuanzia hapo hakirudi nyuma. Kikundi cha ukubwa huo ndicho kiini.

Chumvi nyingine huvuka kizingiti hicho kirahisi. Vumbi, mkwaruzo kwenye kioo, au kukoroga kwa kijiko vinatosha kuzipa mahali pa kujishikiza. Sodiamu aseteti ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Ina maji matatu ya kupanga pamoja na kila kipande cha chumvi, na vumbi la kawaida halifanani na mpangilio wake. Mmumunyo safi unaweza kupozwa kwenye friji, hata chini ya sifuri, usigande. Unaweza kuutikisa, kuugonga, kuukoroga kwa kijiko safi, usigande. Watu wakiona mmumunyo umeganda kwa kuguswa na kidole hudhani ni kidole. Mara nyingi kidole kilikuwa na punje ya fuwele kutoka mezani. Jambo moja la kushika kuhusu chumvi hii ni kwamba kinachouanzisha mgando, karibu kila mara, ni fuwele ya chumvi hiyohiyo.

Hata vile vifuko vya kupasha mikono vinavyouzwa na kijisahani cha chuma ndani yake hufuata kanuni hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kijisahani kina nyufa ndogo mno ambazo huficha fuwele ndogo zisizoyeyuka kirahisi unapokipasha kifuko. Ukikikunja, nyufa zinafunguka na fuwele zinatoka. Kubofya kunaitoa mbegu iliyokuwa imefichwa.

Hatua ya tano: mbegu

Unahitaji mbegu kabla ya siku ya jaribio. Chukua kijiko cha chai cha mmumunyo, kimwage kwenye kisahani, changanya na ule ukoko uliokwangua kingoni, uache wazi usiku kucha. Asubuhi utakuta umeganda kuwa bonge jeupe la sindano. Livunje, lihifadhi kwenye kichupa chenye kifuniko, mbali kabisa na chupa ya mmumunyo. Usivunje mbegu kwenye meza ileile utakayofungulia chupa.

Sasa fungua chupa taratibu. Lowesha ncha ya kijiti cha meno, iguse kwenye mbegu ibebe punje moja ndogo kama punje ya chumvi ya mezani, kisha gusisha ncha hiyo katikati ya uso wa mmumunyo.

Sindano nyeupe zinachomoza kutoka kwenye ncha kwa pande zote, zinapanuka kama nusu ya mpira chini ya kijiti, milimita kadhaa kila sekunde. Zinafika kwenye kioo, zinateremka chini, na mahali zinapopita kimiminika kinapoteza mwangaza na kuwa cheupe. Kabla hujahesabu hadi ishirini au thelathini chupa ya kawaida imeshajaa, na ukiipindua chini juu hakidondoki kitu. Kama kipimajoto kimo ndani tangu mwanzo, angalia: kinaondoka nyuzi 26 na kupanda hadi nyuzi 50 na kidogo.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameishika chupa aliuliza swali ambalo naona ndilo lenyewe: “Mwalimu, joto hili limetoka wapi, na jiko tulilizima jana?”

Joto linakotoka

Lilikuwa ndani ya chupa tangu jana, ila si kwa namna ambayo mkono au kipimajoto vinaweza kuihisi.

Ulipoyeyusha fuwele kwenye maji yanayochemka, jiko lilifanya kazi mbili. Liliongeza mwendo wa chembe, na hilo ndilo joto linaloonekana kwenye kipimajoto. Lakini pia lilizivuta chembe kutoka kwenye nafasi zao, ayoni za sodiamu na za aseteti na maji yaliyokuwa yameshikamana nazo, zikaachana. Kuvunja mshikamano kunataka nishati. Chupa ilipopoa, joto la aina ya kwanza lilipotelea hewani. La pili halikutoka, kwa sababu chembe hazikurudi kwenye nafasi zao. Ndiyo maana huitwa joto fiche.

Punje ya mbegu inapoingia, kila ayoni inayojiunga na fuwele inavutwa na jirani zake na kunaswa. Nishati iliyokuwa inaitenganisha nao inaachiliwa, na kwa kuwa haina pengine pa kwenda, inageuka kuwa mtikisiko wa chembe zote zilizo karibu. Mtikisiko huo ndio joto unalolishika. Mbegu yenyewe haikuleta joto lolote. Ilionyesha tu mahali pa kujipanga.

Kwa fuwele hii joto fiche ni kama kilojuli 260 kwa kila kilo. Hapa kuna jambo zuri ambalo watu hulipita haraka. Kupasha kilo moja ya mmumunyo kutoka nyuzi 26 hadi 52 kunahitaji kilojuli 75 hivi. Yaani theluthi moja tu ya chumvi ikiganda, joto linalotoka linatosha kuifikisha chupa nzima kwenye nyuzi 50 na kitu. Na hapo fuwele haiwezi kuendelea kukua, kwa sababu fuwele hii huyeyuka kwenye nyuzi 58, na kwa mmumunyo wenye maji ya akiba kama wetu, chini kidogo ya hapo. Joto ililolitoa yenyewe linaizuia.

Kwa hiyo ule ugumu unaouona baada ya nusu dakika ni mtandao wa sindano, na katikati yake kimiminika kingi bado kimo. Chupa inapopoteza joto kidogo kwenye hewa au mkononi, fuwele inakua kidogo na kulirudisha. Inapoteza tena, inakua tena. Ndiyo sababu chupa hukaa kwenye joto lilelile kwa muda mrefu badala ya kupanda na kushuka mara moja. Ukiifunga kwa khanga joto linadumu zaidi, na sababu si khanga peke yake: unachelewesha kuganda kwa theluthi mbili zilizobaki.

Hii inamaanisha pia kwamba haiwezekani kuipata chupa hii ikiwa na nyuzi 70 kwa kuigandisha, hata uitengeneze kwa ustadi gani. Kiwango cha juu kimewekwa na fuwele yenyewe. Na usidharau nyuzi 50: ngozi ya mtoto mchanga au ya mzee aliyelala inaungua kwa joto hilo ikigusana nalo muda mrefu. Mtoto mchanga asiwekewe, na mtu mzima atumie kitambaa kinene katikati.

Kwa jumla chupa ya mfano wetu, gramu 238, itatoa kilojuli 50 hivi hadi ipoe kabisa. Hiyo ni sawa na kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi 12. Mikono itapata joto, ila chai haitachemka.

Ikigoma

Ikiganda yenyewe wakati wa kupoa, kulikuwa na mbegu. Tafuta kwanza chini ya kifuniko na kwenye shingo, kisha rudia dakika 20 za maji yanayochemka. Kutazama kimiminika peke yake hakutoshi, maana kinaweza kuwa mwangavu kabisa huku fuwele moja imejificha kwenye mzunguko wa kifuniko.

Ukitia mbegu ikapotea, maji ni mengi mno. Rudisha sufuriani, chemsha upunguze gramu kama 20, jaribu tena. Ukitia mbegu ikakua polepole, sindano zikaelea kwenye maji na joto likaishia nyuzi 35 au 40, ni kosa hilohilo kwa kiasi kidogo. Maji yaliyozidi hayatoi joto lakini yanapashwa nalo.

Ukiona unga mweupe umetulia chini wakati chupa bado iko moto kama ya kuchemka, una mambo mawili ya kuchagua. Ama maji yamepungua mno na ule ni unga usio na maji, ama ni kaboneti ya soda iliyozidi. Ongeza maji ya moto gramu 5, tikisa, subiri, ongeza tena. Ukiyeyuka, lilikuwa la kwanza. Usipoyeyuka baada ya gramu 20 hivi, dondoshea siki. Ukitoa povu, lilikuwa la pili. Endelea na siki mpaka povu liishe, kisha chemsha kurudi kwenye uzito wako.

Kahawia iliyokolea hutokana na kuunguza kingoni au siki isiyo safi. Itaganda, lakini pole na kwa joto dogo kidogo. Binafsi siitupi, naifanya chupa ya mbegu.

Kuitumia tena

Hakuna kinachoisha ndani ya chupa. Irudishe kwenye maji yanayochemka mpaka sindano ya mwisho ipotee, uipe dakika tano zaidi baada ya kuona imepotea, iache ipoe, na iko tayari. Unachofanya ni kuirudishia nishati iliyoitoa, kwa mkaa mwingine. Kwa hiyo si njia ya kuokoa mkaa. Ni njia ya kuchota joto leo ulitumie kesho.

Kila mara chupa inapofunguliwa inapoteza maji kidogo, hasa Juni hadi Septemba hewa ikiwa kavu. Andika uzito wa chupa iliyojaa kwenye kipande cha plasta ubavuni mwake siku ya kwanza. Kila baada ya kuitumia mara kadhaa ipime, na pengo utakaloliona lijaze kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kuirudisha motoni.